Tovuti ikizuiwa, ndiyo ina virusi?

Mwl. Mwajuma, Wete: Kwenye wai-fai ya skuli yetu tovuti ya mitihani ya zamani haifunguki, unatokea ukurasa unaosema imezuiwa. Kwa bando langu inafunguka. Wazazi wanasema ina virusi. Niwakataze wanafunzi?

Salum: Wakataze, mwalimu. Hakuna anayezuia kitu bure. Hata X ilipofungwa nchini mwaka 2025, Serikali ilitaja picha za ngono.

Mohamed, fundi mitandao, Mji Mkongwe: Salum, hapo ilitajwa maadili, si virusi. Hayo ni mambo mawili. Mwalimu, kwa kuwa bando linafungua, kinachozuia ni kichujio cha skuli. Usome ule ukurasa mpaka chini, mara nyingi kundi la tovuti limeandikwa. Ukikuta `Malware`, yaani virusi na programu za hatari, au `Phishing`, yaani tovuti ya kuibia watu nywila, hapo acha. Ukikuta `Games`, yaani michezo, au `Newly Registered Domains`, yaani anwani zilizosajiliwa karibuni, hiyo ni sera ya aliyeweka kichujio. Nyumba moja ya wageni Jambiani ilibadilisha anwani ya tovuti yake, na wakala wao wa safari akashindwa kuifungua ofisini kwake. Kosa lilikuwa upya wa anwani tu. Tuliwaandikia wenye kichujio waikague, wakaihamishia kundi la hoteli, ikafunguka.

Bi Asha: Mimi duka la vitenge lilifunguka vizuri, na alama ya kufuli ipo. Nikatuma pesa, mzigo sijauona mpaka leo. Mbona hilo halikuzuiwa?

Mohamed: Pole sana, bibi. Kichujio mara nyingi hukamata kilichokwisha kuripotiwa, na tovuti ya wizi iliyofunguliwa jana huenda haijaripotiwa na mtu. Kufuli nalo linasema tu kwamba unachoandika hakisomwi njiani. Cheti chake hupatikana bure, hata tapeli anacho. Ilani ya kuiogopa ni ule ukurasa mwekundu wa kivinjari chenyewe, `Dangerous site`. Huo hutokea hata ukibadilisha mtandao.

Salum: Na nchi ikizuia, utajuaje?

Mohamed: Mara nyingi huoni maelezo yoyote, ila `ERR_CONNECTION_RESET` au kuzunguka tu mpaka ichoke. Seva mbovu nayo hutoa hivyo hivyo, kwa hiyo ujaribu kwa mitandao miwili mitatu, na umuulize aliye nje ya nchi. Ninachokiogopa zaidi ni watu kukimbilia VPN ya bure. Mwenye VPN ndiye anayeona sasa unakwenda tovuti gani, na humjui.

Salum: Hata hivyo skuli ina haki ya kuchuja. Watoto wale.

Mohamed: Haki inayo. Lakini wasiambiwe ni virusi kama si virusi.

Salum: Mtoto ukimwambia "si hatari, ila imefungwa", atatafuta njia ya kuifungua.

Mwl. Mwajuma: Nimeangalia, imeandikwa `Uncategorized`. Kesho namfuata anayesimamia mtandao wa skuli.

Mohamed: Yaani haijapangiwa kundi lolote bado. Mpe anwani kamili, aifungulie hiyo peke yake, asikizime kichujio chote.