Bili imesoma namba ambayo mita yangu bado haijafika: naomba ushauri

Wadau, habari zenu. Mita yangu ya umeme ni ya kulipa baada ya kutumia. Mwezi huu nimeletewa bili ya uniti 1,030, wakati kawaida yangu ni kama 130. Nyumba ni ileile, friji lilelile. Nimeandika barua pepe hii, ila sijaituma:

"Naomba marekebisho ya bili ya mwezi huu. Usomaji uliopita ni 14,382, na bili inaonyesha usomaji wa sasa ni 15,412. Leo, siku 11 baada ya tarehe ya usomaji huo, mita inaonyesha 14,561. Nadhani aliyesoma alibadilisha nafasi za tarakimu, yaani 14,512 ikaandikwa 15,412. Kwa hesabu hiyo nilitumia uniti 130. Nimeambatisha picha ya mita, namba yake ikionekana. Naomba mita isomwe upya, bili hii ifutwe na itolewe nyingine, na umeme usikatwe wakati mnashughulikia."

Nimeomba bili mpya badala ya kupunguziwa uniti 900 kwa sababu matumizi makubwa huweza kukupandisha daraja la bei, na kodi nazo hufuata. Punguzo la juujuu linaweza kuniacha kwenye bei ya juu.

Kinachonikwamisha ni malipo. Je, nilipe sasa hela ya uniti 130 ili nisikatiwe, au watachukulia kwamba nimeikubali bili? Na aliyewahi kupitia hili, ulituma barua pepe tu au ulilazimika kwenda ofisini upewe namba ya malalamiko?