Intaneti ya jioni Makorora, Tanga: naambiwa "zima simu uwashe" huku vipimo vya siku tisa vikisema jambo jingine

Mkwezi_Tanga

Ndugu wanajukwaa, nimechoka kujibiwa kama mtoto. Kila siku kuanzia saa 1 jioni hadi saa 5 usiku intaneti ya simu yangu hufa, na kila ninapopiga huduma kwa wateja naambiwa nizime simu niiwashe. Kampuni siitaji, maana wakazi wa mtaa wangu wanaijua.

Kwa siku tisa nimepima kasi nikiwa nimekaa kwenye kiti kilekile barazani, kwa simu ileile, Wi-Fi ikiwa imezimwa na seva ya kupimia ikiwa ni ileile. Alfajiri saa 11 napata Mbps 31 za kupakua, saa 8 mchana napata 22, lakini saa 2 usiku napata 0.7 tu, na ping inapanda kutoka ms 38 hadi zaidi ya 400. La ajabu ni kwamba kupakia hakuanguki hivyo, kwani hata saa hiyo napata Mbps 6.

Nilibonyeza `*#*#4636#*#*` nikatazama nguvu ya mawimbi. RSRP hukaa kati ya -84 na -87 dBm asubuhi na usiku, kwa hiyo mawimbi hayapungui. Humohumo nilibadilisha aina ya mtandao kutoka `LTE only` kwenda `WCDMA only`, yaani 3G peke yake, na saa 2 usiku ileile nikapata Mbps 2.9, mara nne ya ile 4G inayotangazwa kwenye mabango.

Hitilafu halisi naijua ilivyo, kwa sababu Jumanne ya wiki iliyopita ilitokea: kasi ilikuwa mbovu tangu asubuhi, kupakua na kupakia, na RSRP ilishuka hadi -113, maana simu ilikuwa imeshikilia mnara wa mbali. Alasiri mambo yakarudi sawa. Hiyo ndiyo hitilafu. Hili la kila jioni ni msongamano, nao wanaendelea kuniuzia kifurushi kwa bei ileile.

Mama_Pongwe

Kaka, hata mimi nimeibiwa. Nanunua bando la wiki, siku ya tatu limekwisha na sijaangalia video hata moja. Hao ni wezi.

Mkwezi_Tanga

Dada, pole, lakini langu haliishi mapema. Tatizo langu ni kwamba lipo na halitumiki.

Bandarini77

Weka 3G moja kwa moja uache kulalamika. Mimi nimefanya hivyo tangu mwaka jana na sina shida.

FundiMinara

Bandarini, jioni umesema kweli, ila alfajiri unajinyima mwenyewe, kwa kuwa saa hiyo 4G iko tupu. Vilevile 3G inakuwa nyepesi kwa sababu wengi wameihama. Mkirudi wote huko, nayo itajaa.

Mkwezi, vipimo vyako ni vizuri kuliko malalamiko mengi niliyowahi kusoma, lakini umeruka hatua moja. Ulipohamia 3G huenda simu ilishika mnara mwingine kabisa, kwa hiyo bado hujajua kama kilichojaa ni antena inayotazama mtaa wako au ni njia inayotoa data mnarani kwenda nje. Mnara kwa kawaida una pande tatu, kila upande na antena zake na watu wake. Saa 2 usiku rudisha `LTE only`, zunguka hadi upande wa pili wa mnara huohuo, upime tena. Pia tazama RSRQ, yaani ubora wa mawimbi: ikishuka jioni huku RSRP ikibaki palepale, upande huo umeelemewa. Usipime mara nyingi mno, kwa maana kipimo kimoja mtandao ukiwa na kasi kinaweza kula makumi ya MB.

Mkwezi_Tanga

Nimerudi. Jana barazani RSRQ ilikuwa -9 alfajiri, na saa 2 usiku ilikuwa -16. Nilipotembea kama mita 300 hadi nyuma ya mnara, karibu na kibanda cha chipsi, nilipata Mbps 11 saa 2 na dakika 20. Niliporejea nyumbani nikapata 0.8. Muuza chipsi alishangaa kunisikia nikishangilia peke yangu.

FundiMinara

Basi njia ya kutoka mnarani haina kosa, la sivyo na huko ungekwama. Kilichojaa ni upande wenu. Dawa ni wao kuongeza masafa au kugawa upande huo. Simu yako haina la kufanya. Kitakachokuwa kigumu ni kumfikishia mhandisi namba hizo, kwa sababu anayepokea simu hana sehemu ya kuziandika.

Mkwezi_Tanga

Leo nimewaandikia barua pepe yenye jedwali la siku zote tisa pamoja na kipimo cha kwenye chipsi, nikaomba namba ya malalamiko ili nikikosa jibu niipeleke TCRA. Namba nimepewa. Ujumbe ulioambatana nayo unanishauri nizime simu kisha niiwashe.