Mwenye nyumba wetu hapa Tanga hataki kufunga sabmita, barua yangu hii hapa isomeni

Wakuu habari za jioni. Nimekaa kimya mwaka mzima ila leo imetosha. Naishi Makorora, nyumba ya vyumba sita, LUKU moja ukutani barazani. Kila mwezi kila chumba 20,000 ya umeme, uwe na friji, usiwe na friji, uwepo usiwepo. Mwezi uliopita nilikuwa Pangani msibani siku 12, niliacha nimezima mpaka svichi kubwa ya chumba, narudi hata begi sijaliweka chini naambiwa "mchango wako bado". Siku 12 sijawasha hata taa!

Kinachoniuma zaidi sio mimi, ni bibi wa chumba cha tano. Yule mama ana taa moja ya wati 9 na redio, anapikia mkaa, simu yake ya tochi anachaji mara mbili kwa wiki. Analipa 20,000 sawa na jirani wa chumba cha kwanza mwenye friza ya barafu na juisi za kuuza, inanguruma usiku kucha, na sawa na kijana wa chumba cha tatu anayechemshia maharage kwenye jiko la koili. Nimemuona kwa macho yangu anafungua leso yake anahesabu mia tano tano za vitumbua hapo mlangoni mpaka zitimie, nikaingia ndani nikachukua kalamu.

Barua niliyompa mzee juzi nainakili kama ilivyo:

"Baba, shikamoo. Naandika kwa heshima kama mpangaji wako wa chumba cha nne. Naomba utufungie sabmita kila chumba, tuache kugawana umeme kwa vichwa. Mwezi uliopita tulichanga 120,000. Ikakatwa 1,500 kodi ya jengo, ikabaki 118,500, tukapata yuniti 332. Zikaisha tarehe 24, tukachanga tena. Mimi nina feni ya wati 60 naiwasha kama masaa 10 kwa siku sababu ya joto, tivii ndogo na taa tatu. Nimepiga hesabu, kwa mwezi mzima nisiposafiri sifiki yuniti 31. Yuniti moja kwetu ni kama shilingi 356, kwa hiyo umeme wangu ni 11,000 hivi. Bibi wa chumba cha tano hafikishi yuniti 4, yaani hata 1,500 haifiki, na anatoa 20,000. Fundi ameniambia sabmita ni 35,000 moja na ufundi wake. Mimi ya kwangu nitanunua mwenyewe, ukipenda ukate kwenye kodi kidogo kidogo, ukikataa basi, nitakuachia. Na Baba, ile 1,500 ya jengo ni ya mwenye jengo, naomba utupunguzie kwenye kodi ya pango. Wako mtiifu."

Jibu lake alilitoa kwa mdomo, amesimama hapo uani mbele ya wapangaji wote: "Aliyeona ghali mlango uko wazi." Jirani wa friza akacheka. Sasa nauliza, kosa langu liko wapi hapa? Na nifanye nini?

---

mtu_wa_Bagamoyo: Pole sana ndugu. Hata sisi huku Bagamoyo ni hivyo hivyo, mita moja nyumba nzima, bomba la uani likivuja usiku tunagawana wote bili, na kuna dada anafua nguo za watu wa gesti kabisa, ndoo 20 kwa siku. Mwenye nyumba anasema maji ni ya Mungu. Nyie mita yenu iko barabarani au ndani ya geti?

mwanzisha uzi: Mkuu mimi naongelea umeme, sio maji. Ila pole.

kijana_Chumbageni: Pigania hiyo sabmita, ukifungiwa tu unaingia ile tarifa ya wanyonge, yuniti moja shilingi 100, pamoja na kodi 122, unanunua elfu moja unapata yuniti 8. Mimi kwangu nanunua elfu 3 tu mwezi.

fundi_mstaafu: Kijana hapo umechanganya. Tarifa inakwenda na mita ya TANESCO, sabmita haijulikani huko kabisa. Nyumba inakula yuniti 300 na zaidi, ile ya chini mwisho wake yuniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo hao watabaki kwenye shilingi 292 kwa yuniti, weka VAT asilimia 18, REA 3 na EWURA 1, ndio hiyo 356. Sabmita inagawa haki, bei haishushi. Kushusha bei ni mpaka kila chumba kiwe na LUKU yake, na mjini kuunganishwa bila nguzo ni 320,960. Vyumba sita piga mwenyewe, inakaribia milioni mbili, na huyo mzee kwa jibu lile hatoi.

Mwanzisha uzi hesabu zako ziko sawa ila kuna kitu hujakiandika na ndicho kitakachowagombanisha. Nyumba za zamani za huko taa zote ni sakiti moja, waya unapita darini unaruka chumba hadi chumba. Ukifunga sabmita bila kuvuta waya wako mpya kutoka kwenye bodi, utajikuta unalipia taa ya jirani au yeye analipia yako. Siku ya kufunga zima kila kitu ndani, chomoa hata chaja, kaangalie ile taa nyekundu ya sabmita. Ikiendelea kupepesa kuna mtu yuko kwenye waya wako. Halafu washa taa zako zote, zima svichi kubwa ya chumba, ukiona bado kuna taa ndani mwako inawaka ujue inatoka kwa mwenzio. Hiyo kazi ya waya ndiyo ghali kuliko sabmita yenyewe, muulize fundi wako kama aliihesabu kwenye 35,000.

mwanzisha uzi: Hakuihesabu. Alisema tu "nakuja kufunga".

fundi_mstaafu: Basi tafuta mwenye leseni. Na mkishafunga, someni zote siku ile ile na saa ile ile, pamoja na LUKU. Jumla ya sabmita haiwezi kufika ya LUKU, kuna taa ya korido, ya choo, ya baraza. Ikibaki yuniti 12 gawaneni sita, mbili mbili, mmalize. Ikibaki 60 basi kuna mtu kajiunga kabla ya sabmita.

mama_Duga: Nina friza mimi, msitutukane wenye friza. Nilikuwa natoa 25,000 kwa hiari yangu, wenzangu 15,000, tukaishi bila ugomvi miaka mitatu. Kwanini usikae na jirani yako mkaongea kwanza kabla ya kumpelekea mzee barua?

mwanzisha uzi: Dada yangu niliongea naye mara mbili. Alisema friza ikishaganda haili umeme. Lakini hilo la kuongeza hela kwa mwenye friza sijawahi kuliweka mezani, na la waya wa darini ndio nalisikia leo. Jumamosi nipo, nitazima chumba changu chote niangalie taa. Bibi nimeshamwambia mwezi huu asitoe kitu, 20,000 yake nimeibeba mimi.

kijana_Chumbageni: Na mzee akikukuta unachezea nyaya zake?

mwanzisha uzi: Nazima svichi ya chumba ninacholipia kodi. Aje.