Jino moja la mbele limekuwa la majivu na fizi zinaonekana sana nikicheka: picha hii inatosha kujua shida?

Binti wa Ng'ambo (Tabora)
Wakuu, habari za jioni. Mwezi ujao navalishwa pete, nikajipiga selfi sebuleni nione nitatokaje. Picha hiyo hapo juu. Naona meno ya juu yamelalia upande, fizi zinaonekana mno, na jino moja kati ya yale mawili makubwa ya mbele lina rangi ya majivu kuliko mwenzake. Nilitaka kununua dawa ya kung'arisha tu. Mnasemaje?

Mzee wa Ipuli
Binti, hayo ni maji. Mimi nimekulia Maji ya Chai kule Arumeru na meno yangu ni ya kahawia mpaka leo. Floraidi ikishaingia, sugua na mkaa hadi uchoke, haitoki.

Tabibu wa Meno
Shikamoo mzee. Kwako wewe ni kweli kabisa, ila kwa binti sidhani. Floraidi huingia utotoni jino likiwa bado linaumbwa, na meno ya kushoto na kulia huumbwa pamoja, hivyo madoa yake huja kwa jozi. Hapa jino moja limebadilika na jirani yake ni safi. Dada, uliwahi kuanguka au kugongwa mdomoni?

Kuhusu kulalia upande, tazama macho yako kwenye picha. Jicho moja liko juu kuliko lingine, maana yake uliinamisha kichwa. Zungusha picha mpaka mboni zilingane, kisha angalia upya. Mimi nimefanya hivyo na meno yamenyooka karibu yote. Halafu simu ikiwa karibu na uso hukuza vilivyo mbele, kwa hiyo hata ukubwa wa meno hayo mawili usiuamini. Mwombe mtu akupige akiwa mbali kidogo, mchana, karibu na dirisha. Hiyo taa ya sebuleni imeyapaka meno yote unjano.

Kaka wa Mwanga (Kigoma)
Tabibu, na mimi fizi zangu hutoka damu nikipiga mswaki. Ndiyo ugonjwa huo wa fizi kuonekana?

Tabibu wa Meno
Hapana kaka, hayo ni mambo mawili. Yako ni ya kuvimba, mara nyingi kwa sababu ya ugaga, na inabidi asafishe mtu wa kliniki. Fizi za binti kwenye picha ni za waridi na kingo zake zimekaa vizuri. Ila hata fizi nzuri kwa macho zinaweza kuwa zimeachia jino kwa ndani. Hilo hupimwa kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita, picha hailifikii.

Kujua fizi zinaonekana kiasi gani, tumia jino lenyewe kama rula. Jino kubwa la mbele la juu lina urefu wa kama milimita 10. Kwenye skrini yangu jino lake ni milimita 20 na fizi iliyo juu yake ni 8, kwa hiyo fizi halisi ni kama milimita 4. Ni nyingi kidogo, si balaa. Lakini rula hiyo hudanganya kama fizi imefunika sehemu ya jino. Dalili ni jino kuonekana la mraba, kwa kuwa kawaida upana wake ni kama robo tatu tu ya urefu. Lake linakaribia mraba. Inaweza kuwa fizi imeshuka, au jino limesagika. Kwa picha siwezi kuamua.

Binti wa Ng'ambo (Tabora)
Asante tabibu. Ni kweli, nilianguka na baiskeli nikiwa darasa la nne, nikapiga mdomo kwenye usukani. Lakini haliumi hata kidogo.

Mama Sikonge
Nyaya bei gani siku hizi? Mwanangu naye yamepandana.

Tabibu wa Meno
Mama, fungua uzi wako nitakujibu, maana mtoto lazima aangaliwe anavyouma meno.

Dada, kutouma hakusemi kitu. Jino lililokufa ndani linaweza kunyamaza miaka mingi huku usaha ukijikusanya taratibu kwenye ncha ya mzizi. Daktari ataligusa na kitu cha baridi alinganishe na majirani, ataligonga kidogo, kisha eksirei. Likiwa limekufa, mzizi unatibiwa kwanza, halafu linang'arishwa kutoka ndani. Ukipaka dawa ya nje sasa hivi, majirani yatakuwa meupe zaidi na hili litaonekana jeusi kuliko lilivyo leo.

Mzee wa Ipuli
Mimi nilijua wote tumekunywa maji yale yale.

Binti wa Ng'ambo (Tabora)
Na hayo yote yataisha kabla ya mwezi ujao?

Tabibu wa Meno
Inategemea eksirei itaonyesha nini. Piga simu kwanza uulize kama wanapiga ya jino moja moja, ndipo upande bajaji.