Tupeane uzoefu: kurekodi mechi za mchangani bila kukosa magoli

Fundi Stendi: Wakuu, habari za wikiendi. Jana kijana wa jirani kaniletea simu yake nimtolee magoli ya fainali ya kata. Mechi iliisha 3-2. Nimeangalia mpaka macho yakauma, nikakuta goli moja tu. Mengine manne ni watu wanashangilia, wanavua jezi, kipa kakaa chini anamlaumu beki. Anasema alikuwa anawasha akiona hatari inakuja. Mimi ni mtu wa harusi na vipaimara, bwana harusi hapigi kaunta. Nyie mnaorekodi ndondo na mashindano ya shule, mnafanyaje?

Kamera Moja: Huyo kijana ugonjwa wake naujua. Hatari ukishaiona, umechelewa. Mpira unaotoka katikati ya uwanja mpaka wavuni unaweza kutumia sekunde tano, na hapo simu yenyewe inataka sekunde moja ya kuamka. Mimi refa akipuliza naacha kamera inazunguka mpaka mapumziko. Sizimi hata mchezaji akiumia.

Sasa utauliza dakika 90 nitazipekuaje. Goli likiingia, subiri washangilie, mpira urudishwe kati, halafu ziba lenzi kwa kiganja kwa sekunde mbili. Ukifungua video kwenye kompyuta, kila penye weusi nyuma yake kuna goli. Unarudi nyuma mpaka shambulizi lilipoanzia, unakata, umemaliza.

Binti Kigamboni: Hiyo ya kiganja 🙌 naiba.

Wa Pipeline: Huku Kenya kuna kijana wangu nilimwachia kamera kwenye michezo ya shule, yeye akawa anabonyeza kuwasha na kuzima, kuwasha na kuzima. Mahali fulani alibonyeza mara mbili, hesabu ikageuka. Tukapata video safi kabisa ya nyasi, viatu vyake, na sauti ya watu wakipiga kelele. Kila mpira ulipoanza kuchezwa, alizima. Kila alipopumzika, aliwasha. Kwa hivyo mimi nakubaliana na Kamera Moja, wacha izunguke.

Shabiki Kindakindaki: Jamani mnaongelea kurekodi kutoka kwenye kingamuzi? Changu kina tundu la flashi lakini kinakataa.

Fundi Stendi: Hapana mkuu, ni kurekodi ukiwa uwanjani. Ya kingamuzi fungulia uzi wake.

Jembe la Tisa: Mnazunguka bure. Simama nyuma ya goli. Kamera za televisheni ziko nyuma ya goli, magoli yote unayaona yanakuja usoni. Na weka picha 60 kwa sekunde, hukosi kitu.

Kamera Moja: Mkuu, nyuma ya goli lipi? Ziko mbili. Televisheni wana kamera kila kona, ile ya nyuma ya goli ni ya marudio tu. Mechi yenyewe unaitazama kutoka kamera iliyo juu, usawa wa mstari wa kati. Mwenye kamera moja akikaa nyuma ya goli, mechi ikihamia upande wa pili anarekodi wachezaji wenye ukubwa wa siafu.

Simama mstari wa kati, na upande juu ya kitu. Mimi napanda nyuma ya pikapu ya mwenye timu, pasipo na pikapu naomba meza ya darasani. Ukiwa chini wachezaji wanazibana, huoni nafasi kati ya beki na beki. Mechi za saa kumi jioni kaa upande wa magharibi jua liwe mgongoni, vinginevyo kipindi cha pili chote ni vivuli vyeusi vinakimbia. Na ukishachagua upande, usivuke. Ukivuka, timu iliyokuwa inashambulia kwenda kulia itaonekana inakwenda kushoto, mtazamaji atadhani wamejifunga.

Jembe la Tisa: Tumekusikia mwalimu. Lakini ya picha 60 hukuijibu.

Kamera Moja: Hiyo ni nusu kweli. Kwa kurudisha taratibu ni nzuri sana. Ila jua likizama, kila picha inapata mwanga pungufu, simu inaanza kutoa chengachenga. Dakika 20 za mwisho mara nyingi narudi 30. Na kumbuka kadi inajaa haraka zaidi.

Mama Wawili: Samahani, mimi sina mpira, nina mtoto wa darasa la pili, mbio za magunia Ijumaa. Mwaka jana nilimvuta karibu sana na simu, akaanguka, nikabaki narekodi gunia la mtoto wa mwenzangu mpaka utepe. Nikae wapi?

Binti Kigamboni: Mama Wawili nimecheka 😂 Kaa mwisho, mbele ya utepe lakini pembeni kidogo, waje wanakuelekea. Hapo huhitaji kugeuza simu wala kuvuta, yeye mwenyewe anakua kwenye kioo. Ukikaa pembeni ya njia atapita kama basi la mkoa.

Mama Wawili: Asante mdogo wangu. Walimu wakinifukuza kwenye utepe nitasema umenituma wewe.

Refa Mstaafu: Huu uzi umenikumbusha jambo ambalo sijawahi kulisimulia hadharani. Ligi ya mbuzi, fainali, mimi ndiye mwenye kipyenga. Matokeo 1-1, dakika za mwisho. Kijana mmoja wa timu ya gengeni akaachia shuti, likagonga mtambaa wa panya, likashuka chini, likarudi uwanjani, beki akaondosha. Mshika kibendera wangu alikuwa kaachwa mbali, kwenye mstari wa 18. Mimi nilikuwa nyuma ya watu watatu. Nikasema mchezo uendelee.

Uwanja ukaingia watu. Wakati huo huo mtu akakumbuka kuna mpiga video juu ya meza pale katikati. Wakamshusha na stendi yake, tukaenda wote chini ya mwembe. Kioo cha kamera ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, vichwa arobaini juu yake. Wakarudisha. Gengeni wakaruka, "Goli hilo!" Wenzao wakasema rudisha tena, wakarudisha, nao wakaruka, "Sio!" Video ni ile ile. Yule kijana mwenye kamera alikuwa anatetemeka, kamera si yake, ya kukodi.

Wa Pipeline: Endelea mzee, usitukatie hapo.

Shabiki Kindakindaki: Mbuzi alikwenda wapi?

Refa Mstaafu: Nilisimamia uamuzi wangu, tukaenda penati, gengeni wakashinda. Kwa hiyo mbuzi aliwafikia, na bado mpaka leo wakiniona wanadai goli lao.

Jembe la Tisa: Ndiyo maana nikasema NYUMA YA GOLI. Mngeona mpira umevuka au la.

Kamera Moja: Hapana, hata hapo usingejua. Nyuma ya goli unaona kulia na kushoto, huoni kina. Wa katikati naye anatazama kimshazari, na mpira ukiwa hewani unaonekana uko mbali zaidi ya ulipo. Ukigonga mtambaa ukaanza kushuka, kwenye kioo utaonekana uko ndani kabisa wakati bado uko juu ya mstari. Anayeweza kuamua ni aliyesimama sawasawa na mstari wa goli, jicho lake likiunganisha nguzo mbili ziwe moja.

Na hata yeye asijiamini sana. Kamera ya picha 25 kwa sekunde, mpira wa kasi ya mita 20 kwa sekunde, kati ya picha na picha mpira umesogea sentimita 80. Ule mguso wa chini unaweza usiwepo kwenye video kabisa. Ndiyo faida halisi ya picha 60 za Jembe, pengo linashuka mpaka kama sentimita 33. Halafu mpira wote uwe umevuka mstari wote, wenyewe una upana wa sentimita 22 hivi. Mzee, mstari wenu ulikuwa wa nini?

Refa Mstaafu: Majivu. Na kipa alikuwa ameshaukwangua na njumu tangu kipindi cha kwanza. Palibaki kama hatua mbili za majivu karibu na nguzo ya kulia.

Kamera Moja: Basi hata malaika asingeamua.

Wa Pipeline: England waliporwa goli la Lampard pale Bloemfontein 2010 na dunia nzima ina kamera, sembuse majivu.

Jembe la Tisa: Lile lilikuwa ndani kabisa bwana, kila mtu aliliona isipokuwa refa. Marefa ni walewale.

Refa Mstaafu: Kijana, heshima.

Fundi Stendi: Turudi kwenye mada wakuu. Swali langu la pili, mkono. Nikigeuza kamera kufuata mpira video inarukaruka, nikitulia mpira unanitoka.

Kamera Moja: Unavuta sana. Acha picha iwe pana, wawepo wachezaji kumi hivi kwenye kioo, na mbele ya mpira kuwe na nafasi kubwa kuliko nyuma yake. Mpira ukipigwa mrefu usiukimbize hewani, tazama mtu anayeukimbilia, geukia huyo. Jicho moja kwenye kioo, jingine uwanjani. Skrubu ya stendi ilegeze kidogo tu, igeuke kwa mkono bila kukwama. Kamera yako ikiwa ya 4K rekodi pana, ukija kukata kwa ajili ya simu unaweza kuvuta mpaka mara mbili bila kuharibu.

Binti Kigamboni: Hapo inategemea nani analipa. Kocha anataka pana aone mabeki. Mzazi anataka mwanawe tu, hata mwanawe akiwa kasimama anafunga kamba. Mimi wa pana nawatoza kidogo, wa kuvuta nawatoza zaidi maana nikimfuata mtoto mmoja magoli ya wenzake siyaahidi.

Wa Pipeline: Na simu weka hali ya ndege. Mtu akipiga, kurekodi kunaweza kukatika.

Shabiki Kindakindaki: Nikiweka hali ya ndege nitalipwaje? Hela inakuja kwenye simu hiyo hiyo 😂

Jembe la Tisa: Bonyeza kioo mpaka iandike AE/AF LOCK, mtu akipita mbele simu haitamfuata yeye na kukuacha na uwanja wa ukungu.

Binti Kigamboni: Leo umesema la maana. Ila inafunga na mwanga pia, wingu likifunika unabaki gizani. Mimi nafungua kila refa anaposimamisha mchezo.

Fundi Stendi: Kamera yangu ya harusi inajizima yenyewe dakika ya 29 na ushee. Mbovu?

Kamera Moja: Sio mbovu, nyingi za zamani zimetengenezwa hivyo, haziachwi kufika dakika 30. Usingoje ikuzime. Kuanzia dakika ya 20 vizia mpira wa kurusha ulio mbali na magoli, au mchezaji kaumia, zima na washa palepale. Ukiiacha ijizime yenyewe, itachagua kona.

Mama Wawili: Na mvua ikinyesha?

Shabiki Kindakindaki: Funika na mfuko wa rambo.

Binti Kigamboni: Rambo utaitoa wapi, zimepigwa marufuku tangu 2019. Kofia ya plastiki ya kuogea, ile yenye lastiki. Inakaa juu ya kamera vizuri, lenzi unaiacha nje.

Fundi Stendi: Naenda kuiba ya mke wangu.