Kuhesabu seli zenye makosa na kujua kila moja ni kosa gani: ISERROR, COUNTIF, ERROR.TYPE au F5?

karafuu_wete

Assalaamu alaikum wanajukwaa. Nna shiti ya manunuzi ya karafuu yenye mistari 120. Kolamu A ni namba ya mkulima, C ni kilo, D ni malipo, E ni bei ya kilo moja (`=D2/C2`), na F ni shehia, inavutwa kwa VLOOKUP kutoka shiti ya Wakulima. Baina ya E2 na F121 yametapakaa makosa ya namna kwa namna, na wastani wa bei kule chini nao umegeuka kosa.

Nataka mambo mawili: seli ngapi zina makosa, halafu kila aina ni ngapi, nijue nianzie wapi. Naona watu wanataja ISERROR, COUNTIF, ERROR.TYPE na ile ya F5. Ipi ina nafuu? Ofisini kompyuta moja ina Excel 2013, nyengine ina 365.

fundi_darajani

Waalaikumu salaam. Kwa jumla yote usihangaike, ni hii:

```
=SUMPRODUCT(--ISERROR(E2:F121))
```

ISERROR inaipitia kila seli na kujibu TRUE au FALSE, vile vistari viwili vinageuza majibu kuwa 1 na 0, kisha yanajumlishwa. SUM nayo ingefanya kazi hiyohiyo kwenye 365, lakini kwenye 2013 lazima ubonyeze Ctrl+Shift+Enter. Siku mwenzako akiifungua fomula na kubonyeza Enter peke yake, jibu linabadilika na hakuna wa kukushtua. Kwa kuwa nyinyi mna matoleo mawili, shikeni SUMPRODUCT.

Angalia usichanganye ISERROR na ISERR. Hiyo ya pili inahesabu makosa yote isipokuwa #N/A. Ziandike zote mbili kwenye seli jirani: tofauti yake ndiyo idadi ya #N/A zako, na kwenye shiti yenye VLOOKUP hilo ndilo kosa la kwanza kulitazama.

njia_fupi

Mnajisumbua bure. COUNTIF inatosha kwa yote mawili. Kwa aina moja moja:

```
=COUNTIF(E2:F121,"#DIV/0!")
```

Ukitaka jumla weka `"#*"`, inakamata kila kinachoanza na alama ya reli. Kwisha.

fundi_darajani

@njia_fupi nusu ya kwanza sawa kabisa, na kwa mtu anayetafuta aina moja tu hakuna fupi kuliko hiyo. Nusu ya pili hapana. Kinyota kwenye COUNTIF kinatafuta maandishi, na kosa si maandishi hata kama unaliona limeandikwa #N/A. Kwenye shiti ya ndugu yetu `"#*"` itarudisha 0, naye atalala usingizi akidhani mambo safi.

mwalimu_mkoani

Mimi kwenye shiti ya matokeo ya skuli nilishamaliza tatizo hili. Kila fomula naifunga kwa IFERROR na alama mbili za nukuu tupu, makosa yote yanapotea, na shiti inapendeza ukiiprinti.

bi_takwimu

Mwalimu, mwenzetu ameuliza kuyahesabu, wewe umempa dawa ya kuyaficha. Akiifunga kolamu F kwa IFERROR, mkulima asiyepatikana kwenye orodha ataonekana sawa na mstari mtupu, na ISERROR haitamwona tena. Baya zaidi ni wanaoweka 0 badala ya nukuu tupu: kwenye kolamu ya bei, sifuri zinaingia kwenye AVERAGE na kuishusha. IFERROR iwekwe baada ya kujua kosa ni lipi, si kabla.

Sasa aina. ERROR.TYPE inampa kila kosa namba yake: 1 ni #NULL!, 2 ni #DIV/0!, 3 ni #VALUE!, 4 ni #REF!, 5 ni #NAME?, 6 ni #NUM!, 7 ni #N/A. Mtego wake ni kwamba seli isiyo na kosa hairudishiwi 0, inarudishiwa #N/A. Ndiyo maana hii, ambayo watu wengi huiandika mwanzo, haifai:

```
=SUMPRODUCT(--(ERROR.TYPE(E2:F121)=2))
```

Ikiwepo seli moja tu nzima katika 240, fomula yote inatoka #N/A. Unakwenda kuhesabu makosa, unaongeza lako.

Kuna njia ya kupita. Andika namba 1 hadi 7 kwenye J2:J8, kisha kwenye K2 weka hii na uiburute hadi K8:

```
=SUMPRODUCT(--ISNUMBER(MATCH(ERROR.TYPE($E$2:$F$121),J2,0)))
```

Seli nzima inatoa #N/A, MATCH inashindwa nayo, ISNUMBER inajibu FALSE, inahesabiwa 0. Seli yenye kosa la aina ya J2 inahesabiwa 1. Inakwenda kwenye 2013 bila Ctrl+Shift+Enter.

Na K10 weka ile ya fundi. K2 hadi K8 zikijumlishwa lazima zilingane na K10. Zikipungua, basi kuna kosa la kizazi kipya ambalo halimo kwenye saba hizi. Excel 365 inayo kama #SPILL!, namba yake 9, na #CALC!, namba yake 14.

njia_fupi

Haya, nimekubali kuhusu kinyota. Ila fomula ya bi_takwimu ukimwachia karani mpya hataisoma. COUNTIF saba zinasomeka.

bi_takwimu

Hapo hatubishani. COUNTIF saba chini ya K10 ni sawa kabisa. Mimi nachagua ERROR.TYPE kwa kuwa namba hiyohiyo naiweka pia kwenye kolamu ya pembeni, nikapata si idadi tu bali mstari wenyewe:

```
=IF(ISERROR(F2),ERROR.TYPE(F2),"")
```

Ukiiweka G2 na kuishusha, unachuja kwa 7 na unabaki na wakulima wasioonekana tu. COUNTIF haikwambii wako wapi.

shamba_chake

F5 mmeisahau, nayo ndiyo ya haraka ukiwa na mtu amesimama mbele ya meza anasubiri. Chagua E2:F121 kwanza, bonyeza F5, Special, Formulas, ondoa vema zote ibaki Errors, OK. Seli zote zenye makosa zinachaguliwa kwa pamoja, zipake rangi. Idadi inasomeka chini kulia kwenye Count.

Mipaka yake: haitenganishi aina. Tena kama kuna mtu alinakili kolamu na kuibandika kama thamani tupu, makosa hayo si ya fomula tena, hayatokei mpaka uchague Constants badala ya Formulas. Na ukisahau kuchagua eneo, ukawa na seli moja tu, itazunguka shiti nzima.

karafuu_wete

Ahsanteni sana. Nimefanya ya fundi na ya bi_takwimu pamoja. ISERROR imetoa 14, ISERR imetoa 8. Kwenye K: #DIV/0! ni 5, #VALUE! ni 2, #REF! ni 1, #N/A ni 6, nyengine zote 0. Jumla 14, imelingana. Sasa nianze na nani?

fundi_darajani

Anza na #REF!, ni moja na ndiyo mbaya. Ibonyeze uisome fomula. Ukiiona `#REF!` ndani ya fomula yenyewe, kuna mtu amefuta mstari au kolamu iliyokuwa inategemewa. Usipoiona, tazama namba ya kolamu kwenye VLOOKUP: eneo lina kolamu tatu na mtu ameandika 4.

Zile #VALUE! mbili zipo E bila shaka. Nenda C kwenye mistari hiyo, utakuta mtu ameandika "12 kg" badala ya 12. Hilo ni neno, haligawanyiki.

bi_takwimu

Na #N/A sita, kabla hujasema wakulima hawamo kwenye orodha, pima namba zao. Chukua mstari mmoja, tuseme wa 17 na namba 417. Andika `=LEN(A17)`. Ikitoa 4, kuna nafasi imejificha. TRIM huiondoa ile ya kawaida, lakini namba zikinakiliwa kutoka ukurasa wa mtandao huja na nafasi ya aina nyengine ambayo TRIM haiigusi:

```
=SUBSTITUTE(A17,CHAR(160),"")
```

LEN ikitoa 3 na bado haipatikani, jaribu `=ISTEXT(A17)`. Ikiwa TRUE huku kwenye Wakulima ni namba halisi, VLOOKUP inaziona ni vitu viwili tofauti. Ichague kolamu A, Data, Text to Columns, Finish, zinageuka namba. Lakini kama namba zenu zinaanza na sifuri, usifanye hivyo, sifuri itakwenda. Hapo geuza upande wa pili uwe maandishi.

karafuu_wete

Subhanallah, LEN imetoa 4 kwenye nne kati ya sita. Mbili zilizobaki ni wakulima wapya kweli, hawajasajiliwa. #REF! ilikuwa ile 4. Na #DIV/0! tano, zote kilo bado hazijapimwa, mzigo upo nje. Haya nayo ni makosa?

shamba_chake

Kwangu si makosa, ni mistari inayosubiri. Weka `=IF(C2="","",D2/C2)`. Haifichi kingine: "12 kg" bado itatoa #VALUE!, na mtu akiandika 0 kwenye kilo bado utaona #DIV/0!.

bi_takwimu

Mimi ningeziacha mpaka siku ya kufunga hesabu. Malipo yakiwepo kwenye D na kilo hakuna, hiyo #DIV/0! ndiyo inayokukumbusha kuwa pesa imetoka na mzigo haujapimwa.

shamba_chake

Kwa hilo basi ongeza sharti la D, `=IF(AND(C2="",D2=""),"",D2/C2)`. Mstari mtupu unanyamaza, uliolipwa unapiga kelele.

pwani_mwani

Naingilia kidogo. Sisi Paje tunatumia LibreOffice, na makosa mengine yanatokea kama Err:502. Ya jumla inakubali?

fundi_darajani

ISERROR inayahesabu. Kwa aina, LibreOffice ina ERRORTYPE, bila nukta, inayotoa namba zake yenyewe: 532 ni kugawa kwa sifuri, 519 ni #VALUE!, 32767 ni #N/A, na Err:502 inatoa 502. Orodha ya 1 hadi 7 usiichanganye na hiyo.

karafuu_wete

Limezuka jengine. Mwenzangu wa 365 amebadilisha VLOOKUP kuwa XLOOKUP. Kwake safi, kwangu kwenye 2013 nikigusa seli inatoka #NAME?, na K6 imeanza kuhesabu.

fundi_darajani

Excel 2013 haina XLOOKUP. Ukiifungua faili unaona jibu la zamani lililohifadhiwa, na fomula imeandikwa `_xlfn.XLOOKUP`. Ikihesabiwa upya ndiyo inaanguka. Kwa hiyo K6 yako na yake zitatofautiana kwenye faili moja, na zote mbili ni za kweli. Ama arudi kwenye VLOOKUP, ama mkubaliane kompyuta ipi ndiyo ya kuhesabia.

njia_fupi

Au INDEX na MATCH, zipo kote kuwili.