Mashine ya mtumba ya kukamua alizeti: tupige uchakavu kwa njia ipi?

Mkamuzi wa Kongwa:
Habari zenu wanajukwaa. Kikundi chetu kimenunua mashine ya kukamua alizeti iliyokwisha kutumika. Bei, usafiri na ufungaji vimefika shilingi 12,000,000, na tunakadiria kwamba mwishoni itauzwa chuma chakavu kwa 1,500,000. Tatizo ni umri, kwa kuwa fundi mmoja anaipa miaka 3 na mwingine 6. Je, tutumie mstari mnyoofu, yaani kukata kiasi kilekile kila mwaka, au salio linalopungua, yaani kukata asilimia ileile ya thamani iliyobaki?

Mzee wa Mpwapwa:
Tumia salio linalopungua kwa asilimia 25, maana ndivyo TRA wanavyohesabu mitambo ya viwandani, na hapo hutahitaji kukisia umri.

Mhasibu wa Kikuyu:
Mzee, shikamoo. Kuhusu kodi uko sahihi, lakini hesabu ya kodi hufanywa pembeni, nayo haiamui vitabu vya kikundi vionyeshe nini. Umri nao haujakwepwa, bali umefichwa ndani ya asilimia. Ili 12,000,000 ishuke hadi 1,500,000 kwa miaka 3, kiwango ni asilimia 50. Kwa miaka 6 ni kama 29.3. Ukiweka 25 na mashine ikafa mwaka wa tatu, kitabuni bado inasoma 5,062,500, na hasara ya 3,562,500 itawaangukia kwa mkupuo.

Mimi ningeanza na mstari mnyoofu wa miaka 4, yaani 2,625,000 kwa mwaka. Anguko kubwa la bei ya mashine mpya lilimpata mwenye mali wa kwanza, si ninyi. Kila mwisho wa mwaka mwiteni fundi aipime upya. Mwaka wa kwanza ukiisha itabaki 9,375,000. Akisema imebaki miaka 2 tu, toeni 1,500,000, kisha gawanyeni kwa 2, mpate 3,937,500 kwa mwaka. Hesabu za mwaka uliopita msiziguse, kwa sababu makadirio yaliyobadilika hurekebishwa kuanzia pale yalipobadilika kwenda mbele.

Mama Unga:
Mimi nina mashine ya kusaga, na kila mwezi naweka akiba ya kununua nyingine. Si ndiyo uchakavu huo?

Mhasibu wa Kikuyu:
Hapana, dada. Uchakavu hupunguza faida kitabuni, lakini hauweki hata senti kwenye kibubu. Akiba yako ni jambo jema, ila ni jambo jingine.

Mkamuzi wa Kongwa:
Nimeelewa. Ila shafti ya kukamulia huliwa mapema kuliko fremu, na matengenezo yatapanda mwaka hadi mwaka. Hilo halitupeleki kwenye salio linalopungua?

Mhasibu wa Kikuyu:
Hiyo ndiyo hoja yake yenye nguvu: uchakavu unashuka wakati matengenezo yanapanda, na gharama ya jumla inakaribia kuwa sawa kila mwaka. Kama shafti ni ghali, itengeni muipe umri wake. Inauzwaje huko kwenu?

Mkamuzi wa Kongwa:
Bado sijapata bei. Nitamuuliza fundi Jumamosi.